Mimweko Mitatu kwa Sekunde

Jioni ya tarehe 16 Desemba 1997, saa kumi na mbili na nusu, watoto wa Japani walikaa mbele ya televisheni kama walivyofanya kila Jumanne. Kituo cha TV Tokyo kilikuwa kinarusha Pokemon, katuni iliyokuwa imewateka watoto wa nchi nzima. Katika kipindi cha siku hiyo mashujaa wanaingia ndani ya mtambo wa kompyuta, wanarushiwa makombora, na Pikachu, yule mnyama mdogo wa manjano, anayalipua kwa radi yake. Ili mlipuko uonekane wa ajabu, wachoraji walijaza kioo rangi nyekundu, kisha buluu, kisha nyekundu tena, mara 12 hivi kwa kila sekunde. Tukio lenyewe lilidumu sekunde chache tu.

Zilitosha. Katika nyumba nyingi watoto walianza kulalamika kwamba hawaoni vizuri, kichwa kinauma, wanasikia kichefuchefu. Wengine walianguka na kukakamaa, viungo vikitetemeka. Magari ya wagonjwa yalibeba watoto 685 usiku ule. Usiku huohuo taarifa za habari zikarudia kipande kilekile ili watazamaji waone kilichosababisha balaa, na baadhi ya watazamaji wakapatwa na hali hiyohiyo. Pokemon ilitolewa hewani kwa miezi minne, na kipindi kile hakijarushwa tena mpaka leo.

Wengi wa watoto wale walirudi nyumbani mapema, na ni sehemu ndogo tu waliobainika baadaye kuwa na aina ya kifafa kinachoamshwa na mwanga. Jambo linalostahili kukumbukwa ni kwamba wazazi wengi hawakuwa na sababu yoyote ya kushuku. Mtoto hakuwahi kuanguka, hakuwa na dawa, hakuwa na jina katika kliniki yoyote. Kwa mtu wa namna hii tangazo la tahadhari mwanzoni mwa kipindi halina msaada, kwa sababu hajui kama linamhusu.

Hata hivyo, tukio lenyewe halikuwa jipya kwa wataalamu. Mwaka 1993 Uingereza ilikuwa imepata kisa chake: tangazo la biashara la tambi za kikombe, lililojaa picha za kuwakawaka, liliwaangusha watazamaji watatu. Mamlaka ya utangazaji ya huko ikaandaa miongozo, na aliyeombwa ushauri alikuwa Graham Harding wa Chuo Kikuu cha Aston, mjini Birmingham, mtafiti aliyekuwa ametumia miaka mingi kuwapima wagonjwa wa aina hiyo maabara. Kwa hiyo elimu ilikuwepo miaka minne kabla ya jioni ile ya Tokyo. Haikuwa imevuka bahari.

Maabara ndiko jambo hili linakoeleweka vizuri. Mgonjwa hubandikwa vihisio kichwani vya kupimia umeme wa ubongo, kisha taa huwashwa na kuzimwa mbele ya macho yake, polepole kwanza, halafu kwa kasi inayoongezeka. Sehemu ya nyuma ya ubongo ndiyo inayopokea habari za macho. Kila mwanga unapowaka, seli nyingi za hapo huitikia kwa pamoja. Kwa watu wengi mwitikio huo hutulizwa palepale, seli zikarudi kila moja kwenye shughuli yake. Kwa wachache breki hizo ni dhaifu: seli huanza kufuata mwanga, zikiungana moja baada ya nyingine kama watu wanaovutwa na ngoma mpaka uwanja mzima unacheza mdundo mmoja, na mdundo huo ukisambaa hadi sehemu zinazotawala viungo, mtu huanguka. Mpimaji huliona hilo kwenye karatasi kabla halijamfikia mgonjwa, na hapo huzima taa.

Vipimo hivyo vimeonyesha kwamba kasi ya hatari zaidi ni kati ya mimweko 15 na 25 kwa sekunde, ingawa wapo wanaoguswa na mimweko mitatu tu, na wengine na kasi inayofika 60. Vimeonyesha pia kwamba tatizo hili huwapata zaidi watoto na vijana, hasa kati ya umri wa miaka 7 na 19, na wasichana zaidi kuliko wavulana. Makadirio ya Uingereza ni mtu mmoja katika kila 4,000. Miongoni mwa wenye kifafa kwa ujumla, wanaoguswa na mwanga ni kama watatu katika kila mia. Ni wachache, lakini kipindi kinachotazamwa na mamilioni hakiwezi kuwakwepa.

Rangi ina hesabu yake ya peke yake. Nyekundu na buluu za Pikachu hazikupishana kwa mwangaza kama zinavyopishana nyeupe na nyeusi, na mtu ambaye angepima mwangaza peke yake angeweza kudhani hatari ni ndogo. Lakini nyekundu iliyokolea, ile isiyochanganyika na rangi nyingine, huamsha mwitikio mkali kupita rangi zote, na ikipishana na buluu huwaangusha hata watu ambao mwanga mweupe wa kasi ileile usingewadhuru. Hii ndiyo sababu kanuni zote zilizotungwa baadaye huitaja nyekundu kwa jina.

Kanuni zenyewe ni chache na mtu yeyote anaweza kuzishika. Mmweko mmoja ni mwanga kupanda na kushuka, au kushuka na kupanda. Yaani mabadiliko mawili yanahesabiwa kuwa kitu kimoja. Mimweko isizidi mitatu ndani ya sekunde yoyote. Ikizidi, basi eneo linalowaka lisifike robo ya kioo, au tofauti kati ya mwanga na giza iwe ndogo. Nyekundu iliyokolea isipishane kwa kasi kabisa. Japani ilitoa miongozo yake mwezi Aprili 1998, na humo ikaongeza kwamba hata mimweko inayoruhusiwa isiendelee kwa zaidi ya sekunde mbili. Mtazamaji yeyote wa katuni za Kijapani tangu hapo ameuona ujumbe unaopita mwanzoni mwa kipindi, ukiwataka watoto wawashe taa za chumba na wakae mbali na televisheni.

Ujumbe huo haukuandikwa kwa mazoea. Robo ya kioo, taa ya chumbani na umbali ni njia tatu za kufanya jambo lilelile, nalo ni kupunguza sehemu ya ubongo inayopigwa na mwanga. Katikati ya macho ndipo penye nguvu zaidi ya kuona, na pamepewa eneo kubwa ubongoni. Mtoto aliyekaa hatua moja kutoka kwenye televisheni kubwa, chumba kikiwa giza, macho yake yote yamejaa kioo. Akirudi nyuma hadi ukutani na taa ikawashwa, kioo kinakuwa dirisha dogo katika chumba chenye mwanga, na mwako wake unapoteza makali. Kuna familia nyingi zinazopenda kuzima taa ili filamu inoge. Kwa mtoto mwenye tatizo hili hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote.

Mtu angetegemea kwamba baada ya Tokyo kosa hili lisingerudiwa na watu wakubwa. Mwezi Juni 2007, London ilizindua nembo ya michezo ya Olimpiki ya 2012 pamoja na filamu fupi ya kuitangaza. Ndani yake kulikuwa na mpiga mbizi anayejirusha kwenye bwawa, na maji yakimpokea kwa mawimbi ya rangi yanayowakawaka. Watu walianza kupiga simu kwenye chama kinachohudumia wenye kifafa. Harding aliipima filamu akakuta haipiti kanuni za nchi yake mwenyewe, na waandaaji wakakiondoa kipande hicho kwenye tovuti yao. Televisheni za Uingereza zilikuwa zinalazimika kupima matangazo kabla ya kuyarusha. Tovuti haikuwa na mlango wa namna hiyo.

Hapo ndipo hadithi inapofika kwetu. Siku hizi picha nyingi zinazotazamwa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura hazipiti kituo cha televisheni. Zinatoka kwenye kompyuta ya mhariri wa video, au kwenye simu yake, zinaingia mtandaoni, na saa moja baadaye ziko mikononi mwa watoto. Anayeweza kuzuia madhara ni mhariri huyo, na kazi yake si ngumu akijua kuhesabu.

Tuchukue video ya muziki. Wahariri wengi hupenda kupachika mwako mweupe kwenye kila pigo la ngoma. Kwa wimbo wa bongo fleva wenye mapigo 100 kwa dakika hakuna tatizo: mapigo 100 ukiyagawa kwa sekunde 60 unapata mimweko isiyofika miwili kwa sekunde. Mpaka uko kwenye mapigo 180 kwa dakika, ambayo ni mimweko mitatu kamili. Singeli hauko upande huo wa mpaka. Muziki huu wa uswahilini Dar es Salaam hukimbia kwa mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, na mhariri anayeweka mwako kwenye kila pigo la singeli wa mapigo 240 ametengeneza mimweko minne kwa sekunde bila kukusudia. Akiweka kwenye kila pigo la pili anarudi kwenye miwili. Mtazamaji ataendelea kuuona mdundo, kwa sababu sikio lina kazi yake na jicho halihitaji kuambiwa kila kitu.

Mtego mkubwa zaidi umo kwenye vionjo vilivyotengenezwa tayari katika programu za kuhariri. Mhariri anabonyeza kitufe kimoja na kuona mwako mmoja, lakini ndani yake kionjo kinatetemesha mwanga mara tatu au nne. Pigo mbili kwa sekunde zenye mitetemo mitatu kila moja ni mimweko sita, mara mbili ya kiwango. Njia ya kugundua ni kupitia kipande hicho fremu moja baada ya nyingine na kuhesabu ni mara ngapi mwanga unapanda na kushuka. Video ya kawaida huku kwetu ina fremu 25 kwa sekunde. Fremu moja nyeupe ikifuatwa na moja nyeusi, kisha nyeupe tena, hiyo ni mimweko 12 na nusu kwa sekunde, kasi ya Pikachu kabisa. Ili kubaki chini ya mitatu, kutoka mwanzo wa mmweko mmoja hadi mwanzo wa unaofuata zipite fremu 9 au zaidi.

Ikiwa mwongozaji anang'ang'ania kasi, bado kuna pa kutokea. Badala ya kioo kizima kuwaka, mwako unaweza kubaki kwenye taa moja nyuma ya msanii, ilimradi usifike robo ya picha. Badala ya kutoka weusi hadi weupe, mwanga unaweza kupanda kidogo tu juu ya ulivyokuwa. Na nyekundu ikibadilishwa kuwa ya chungwa iliyopauka, sehemu kubwa ya hatari imeondoka. Wenye kazi za kurusha kimataifa hutumia programu za kupimia. Mojawapo, inayoitwa PEAT, imetolewa bure na kituo cha Trace cha Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, kwa ajili ya kupima kurasa za mtandao na programu za kompyuta, ingawa hairuhusiwi kwa kazi za televisheni, filamu au michezo ya biashara. Asiye nayo, macho na vidole vinatosha.

Kumbi za harusi na disko zina kanuni yake. Mamlaka ya afya na usalama kazini ya Uingereza inaelekeza kwamba taa za kuwakawaka zisizidi mimweko minne kwa sekunde, na kama ziko zaidi ya moja, zote ziwake pamoja. Sharti la pili linapuuzwa zaidi ya la kwanza. DJ mwenye taa nne, kila moja ikiwaka mara tatu kwa sekunde kwa wakati wake, anaamini yuko salama, ilhali mgeni aliyekaa katikati ya ukumbi anapokea mimweko 12. Hesabu hiyohiyo inafaa kwa zile matatu za Nairobi zilizopambwa taa za rangi dari nzima: taa moja inayometameta haina neno, ila safu tatu zisizowiana ndani ya chumba kidogo chenye giza, abiria akiwa amekwama kwenye foleni, ni jambo jingine.

Hata nyumbani bila skrini yoyote kuna kitu cha kuangalia. Pangaboi lenye mapanga matatu, likizunguka mara 5 kwa sekunde chini ya balbu, hukata mwanga mara 15 kila sekunde, na hiyo ni kasi iliyo mwanzoni mwa eneo la hatari zaidi. Mwanga haukatiki kabisa, hivyo wengi hawadhuriki, lakini aliyewahi kulala chali akiangalia kivuli kile kikipita darini anajua kinavyochosha macho. Dawa yake ni kuhamisha balbu ishuke chini ya pangaboi au ikae ukutani. Barabarani hesabu hutegemea nafasi kati ya miti. Gari la kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa sekunde. Jua likichungulia kati ya minazi iliyopandwa kwa nafasi ya mita 9 hutoa mimweko isiyofika mitatu, lakini likipita kwenye safu ya mivinje iliyosongamana kila mita 2 ni 11.

Mtu anayejijua, au anayeanza kusikia dalili mbele ya mwanga kama huo, asifumbe macho. Kope hazizuii mwanga, huupitisha ukiwa mwekundu, na kitendo cha kufumba na kufumbua chenyewe huongeza mimweko. Afunike jicho moja lote kwa kiganja na kugeuka pembeni. Mwitikio wa hatari huhitaji macho mawili yapigwe kwa pamoja, ndiyo maana kiganja kimoja kinasaidia kuliko kope mbili. Simu nazo zina msaada: kwenye aifoni kuna kitufe kiitwacho Dim Flashing Lights kinachofifisha video zinazowakawaka, na mitandao mingi ya kijamii inakubali kuzimiwa uchezaji wa video usioombwa. Kitufe hiki cha pili kina kazi kubwa kuliko kinavyoonekana, kwa sababu wapo wanaotuma picha za namna hii kwa makusudi kwa watu wanaojulikana kuwa na kifafa. Mwaka 2023 Uingereza ilifanya jambo hilo kuwa kosa la jinai katika sheria yake ya usalama mtandaoni.

Na mtu akianguka ukumbini? Mwanga uzimwe au yeye afunikwe uso dhidi yake, vitu vigumu viondolewe karibu, alazwe ubavu mitetemo ikipungua, na mtu atazame saa. Asiwekewe kijiko wala kidole mdomoni. Povu lake haliambukizi chochote, ingawa bado kuna wanaorudi nyuma wakiliona. Mitetemo ikipita dakika 5, au ikirudi kabla hajapata fahamu, apelekwe hospitali haraka. Na hata aliyepona mwenyewe, kama ni mara yake ya kwanza, akapimwe na daktari.

Kiwango cha mimweko mitatu hakimlindi kila mtu. Wapo wachache wanaoguswa na kasi ndogo zaidi, na wapo wanaosumbuliwa na mistari myeusi na myeupe iliyobanana hata bila kuwaka. Tahadhari mwanzoni mwa video, kama zile ambazo Disney iliomba majumba ya sinema yaweke mwezi Juni 2018 kwa ajili ya filamu ya Incredibles 2, zina nafasi yake kwa watu hao wanaojijua. Lakini tahadhari inahamishia mzigo kwa mtazamaji, wakati aliyeweka mwako angeweza kuuondoa kwa kazi ya dakika chache. Mhariri anayesoma haya na afungue video yake ya mwisho, atafute sekunde yenye mwako mwingi kuliko zote, na aihesabu fremu kwa fremu kabla hajaipeleka kwa mteja anayefuata.